Kalendari ya 2021 inarudi mwaka 2027: tuchukue nini, na tuache nini?

Kila mwaka, miezi ya tisa na ya kumi inapofika, parwasi nyingi huanza kuulizana nani atatengeneza kalendari ya ukutani. Mara nyingi kazi hiyo humwangukia kijana mmoja anayejua kutumia ordinateri. Naye, kwa kuwa anaombwa amalize haraka, hufungua kalendari ya zamani, hubadilisha mwaka juu ya ukurasa, na kuipeleka kuchapwa.

Kwa mwaka 2027 jaribu hilo ni kubwa kuliko kawaida. Mwaka 2027 unaanza siku ya Ijumaa na hauna tarehe 29 mwezi wa pili. Mwaka 2021 ulikuwa hivyo hivyo. Basi kila tarehe ya 2021 inaangukia siku ile ile katika 2027, tangu mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili. Mwenye kalendari ya 2021 ndani ya ordinateri yake atasema, "Kazi imekwisha." Lakini haijaisha. Katika makala hii tutaona mambo matatu ambayo kalendari ile ya zamani haiwezi kutupatia, na jinsi ya kuyatengeneza: miraba ya miezi, siku za konje, na nafasi ya kuandika kwa mkono.

Mraba uliobeba tarehe mbili

Niruhusuni nianze na kosa letu wenyewe. Katika kalendari ya parwasi yetu ya mwaka 2021, mwezi wa nane ulianza siku ya Mungu. Sisi tulikuwa tumechora mistari mitano tu ya majuma kwa kila mwezi. Tarehe 30 na 31 zikakosa mahali. Tukafanya kama wachapaji wengi wanavyofanya: tukaandika 23/30 katika mraba mmoja wa Jumatatu, na 24/31 katika mraba mmoja wa Jumanne.

Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha akiba, aliandika katika mraba ule wa Jumatatu: "kurudisha mkopo". Deni lilikuwa la tarehe 23. Mwenzake aliyekuja kusoma ukutani alilielewa kuwa la tarehe 30. Walilipa wakiwa wamechelewa juma zima, wakatozwa faini, na mama yule akalaumiwa mbele ya wenzake kana kwamba alikuwa mzembe. Lakini hakukosea yeye. Sisi ndio tuliomnyima mraba wa kuandikia.

Kosa hilo linatokana na hesabu rahisi. Mwezi wa siku 31 ukianza Jumatatu unahitaji mistari mitano. Ukianza Jumamosi au siku ya Mungu, unahitaji sita. Katika mwaka 2027, kwa kalendari inayoanza na Jumatatu, miezi miwili inahitaji mistari sita: mwezi wa tano, unaoanza Jumamosi, na mwezi wa nane, unaoanza siku ya Mungu. Mwezi wa pili ni kinyume chake: unaanza Jumatatu tarehe 1 na kumalizika siku ya Mungu tarehe 28, mistari minne kamili bila mraba hata mmoja mtupu. Miezi mingine yote ni mistari mitano.

Shauri langu ni hili: chora mistari sita kwa kila mwezi, hata kwa mwezi wa pili. Usibadilishe ukubwa wa miraba mwezi kwa mwezi. Mistari inayobaki mitupu si hasara. Iunganishe iwe kisanduku kimoja chenye kichwa "Ya kukumbuka", na watu wataijaza. Katika mwezi wa nane wa 2027, tarehe 1 itakaa peke yake mwisho wa mstari wa kwanza, na miraba sita mbele yake itakuwa wazi. Hapo ndipo pa kuandika mambo ya mwezi mzima, kama vile makadirio ya sadaka au majina ya wagonjwa wa kutembelea.

Juma linaanza siku gani?

Kabla ya kuchora, amueni jambo hili pamoja, kwa maana linachanganya watu kuliko tunavyodhani. Huku Kivu wengi wetu huita Jumatatu "siku ya kwanza", yaani siku ya kwanza ya kazi. Lakini katika Injili, siku ya kwanza ya juma ni ile ambayo Bwana alifufuka. Tena jina lenyewe "Jumatatu" lina tatu ndani yake, kwa sababu watu wa pwani walihesabu kuanzia Jumamosi. Hesabu tatu katika lugha moja!

Ndiyo maana haifai kuandika juu ya safu "siku ya 1, siku ya 2, siku ya 3". Mtu mmoja atasoma hivi na mwingine vile. Andikeni majina kamili, Jumatatu hadi Jumapili, na kama nafasi inaruhusu, jina la Kifaransa chini yake kwa herufi ndogo, kwa sababu watoto hulisoma shuleni. Sisi tunaanza na Jumatatu na kuweka siku ya Mungu mwisho, upande wa kuume, kama kalendari za shule na za maofisi. Anayetazama ukutani kwa haraka hutazama mahali kabla ya kusoma jina. Safu ya siku ya Mungu ikihama kutoka kuume kwenda kushoto, kuna atakayeandika kikao cha Jumamosi katika mraba wa Ijumaa.

Vipimo vya ukurasa mmoja

Kalendari ya mwaka mzima kwenye kartasi moja ni ya kutazama tu, haina pa kuandika. Anayetaka watu waandike atenge ukurasa mmoja kwa kila mwezi. Kartasi ya A3 iliyosimama inatosha vizuri: upana milimita 297, urefu milimita 420.

Tugawanye upana kwanza. Acha milimita 15 kila upande. Zinabaki 267. Gawanya kwa siku saba: kila safu inapata milimita 38. Sasa urefu. Juu kabisa acha milimita 25 kwa ajili ya spirali na tundu la msumari. Milimita 80 ni za jina la mwezi na picha. Milimita 12 ni za majina ya siku. Mistari sita ya milimita 38 ni 228. Zinabaki 75: tenga 60 ziwe ukanda wa kuandikia chini ya miraba, na 15 za ukingo. Jumlisha mwenyewe, utapata 420.

Mraba wa milimita 38 unachukua nini? Tarehe ikae pembeni juu, upande wa kushoto, ikitumia kama milimita 10 za urefu. Jina la siku kuu, kama lipo, likae chini kabisa kwa herufi ndogo, kama milimita 6. Zinabaki milimita 22. Mwandiko wa mtu mzima anayeandika akiwa amesimama, mkono ukiwa juu, unahitaji kama milimita 7 kwa mstari. Basi ni mistari mitatu: "Kikao cha wamama / saa nane / kwa mzee wa kanisa". Hiyo inatosha.

Kama fedha ni kidogo na mnachapa kwenye A4, safu inashuka hadi milimita 27. Hapo achana na picha. Usipunguze miraba ili kuihifadhi picha, kwa maana picha itatazamwa siku tatu, lakini mraba utahitajika mwezi mzima. Tarehe iliyochapwa kubwa katikati ya mraba pia ni kosa lile lile. Inaonekana vizuri kwa mbali, ila hakuna pa kuandika.

Kuacha ordinateri ihesabu tarehe

Usiandike tarehe moja moja kwa mkono. Vidole huchoka, na kosa la siku moja katikati ya mwezi linasukuma tarehe zote zinazofuata. Katika Excel au LibreOffice Calc ya Kifaransa, andika tarehe ya kwanza ya mwezi katika A1. Kisha weka haya:

```
A1:  01/05/2027
A3:  =A1-JOURSEM(A1;2)+1
B3:  =A3+1
A4:  =A3+7
```

Mstari wa A3 unatafuta Jumatatu ya juma ambalo mwezi unaanza. Kwa mwezi wa tano utapata Jumatatu tarehe 26 ya mwezi wa nne, na tarehe 1 itaangukia Jumamosi, mahali pake. Nakili B3 kuelekea kuume hadi G3. Halafu nakili A4 kuelekea kuume hadi G4, na mstari huo wote wa nne uushushe hadi wa nane. Hiyo ndiyo mistari yako sita. Badilisha sura ya namba iwe `J` ili ionyeshe siku tu bila mwezi na mwaka.

Tarehe za mwezi uliopita na za mwezi unaofuata zitaonekana pia. Zifiche kwa kuzipa rangi nyeupe, kwa sharti hili la rangi:

```
=MOIS(A3)<>MOIS($A$1)
```

Wengine huziacha kwa rangi ya kijivu. Mimi sipendi, kwa kuwa mtu ataandika kikao cha tarehe 31 mwezi wa tano juu ya ukurasa wa mwezi wa sita, na hakuna atakayekiona kwa wakati.

Ukimaliza miezi yote, iko njia ya kuhakikisha bila ordinateri. Katika mwaka wowote, tarehe 4 ya mwezi wa nne, 6 ya mwezi wa sita, 8 ya mwezi wa nane, 10 ya mwezi wa kumi na 12 ya mwezi wa kumi na mbili huangukia siku moja. Mwaka 2027 zote ni siku ya Mungu. Vivyo hivyo tarehe 9 ya mwezi wa tano, 11 ya mwezi wa saba, 5 ya mwezi wa tisa na 7 ya mwezi wa kumi na moja. Kwa miezi mitatu ya mwanzo, angalia tarehe 3 ya kwanza, 28 ya pili na 28 ya tatu. Kama mojawapo haiko katika safu ya mwisho, ukurasa huo una kosa.

Siku za konje na siku za kanisa

Hapa ndipo kalendari ya 2021 inapodanganya. Miraba yake ni sawa, lakini siku kuu zake si zote.

Tofautisheni aina mbili. Aina ya kwanza ni siku zilizowekwa na serikali, ambazo tarehe haihami: 1 mwezi wa kwanza, mwaka mpya, 4 mwezi wa kwanza, wafia uhuru wa 1959, 16, Laurent-Désiré Kabila, 17, Patrice Lumumba, 6 mwezi wa nne, Simon Kimbangu, 1 mwezi wa tano, siku ya kazi, 30 mwezi wa sita, uhuru, 1 mwezi wa nane, siku ya wazazi, na 25 mwezi wa kumi na mbili, Noeli. Kalendari nyingi huonyesha pia 17 mwezi wa tano, kukumbuka mwaka 1997.

Orodha hii inawekwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri, na amri hubadilika. Siku ya Kimbangu iliongezwa mwaka 2023. Basi kalendari ya 2021 haina tarehe 6 ya mwezi wa nne, na anayeinakili ataiacha parwasi ikipanga semina siku ambayo maofisi yamefungwa. Kabla ya kuchapa, ulizeni orodha ya sasa katika ofisi ya wizara ya kazi ya mahali penu, au kwa mwalimu mkuu wa shule anayepokea barua za serikali. Mkaitazame kwa macho, siku moja moja.

Jambo lingine: mwaka 2027, tarehe 17 mwezi wa kwanza na tarehe 1 mwezi wa nane ni siku za Mungu. Je, watu watapumzika siku nyingine badala yake? Hilo hutangazwa na serikali siku chache kabla. Msibahatishe kwa wino wa chapa. Chapeni siku kuu katika tarehe yake yenyewe, na miraba ya jirani iacheni wazi. Tangazo likitoka, mtu ataandika kwa biki. Hiyo pia ni kazi ya nafasi tupu.

Tarehe 1 mwezi wa nane inahitaji uangalifu wa pekee. Asubuhi yake watu huenda makaburini kusafisha makaburi ya wazazi wao. Mwaka 2027 asubuhi hiyo ni wakati wa ibada. Wazee wa kanisa wanaopanga ubatizo au Meza ya Bwana waone jambo hilo mapema, na kalendari ndiyo itakayowaonyesha.

Aina ya pili ni siku za kanisa zinazohama pamoja na Pasaka. Pasaka ni siku ya Mungu inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 mwezi wa tatu. Mwaka 2021 ilikuwa tarehe 4 mwezi wa nne. Mwaka 2027 ni tarehe 28 mwezi wa tatu, juma moja mapema. Kutoka hapo hesabuni: Ijumaa Kuu ni siku mbili kabla, tarehe 26. Kupaa ni siku 39 baada yake, Alhamisi tarehe 6 mwezi wa tano. Pentekoste ni siku 49 baada yake, tarehe 16 mwezi wa tano. Siku ya kwanza ya Majilio itakuwa tarehe 28 mwezi wa kumi na moja. Anayenakili 2021 atakosea Ijumaa Kuu, Kupaa na Pentekoste kwa pamoja, kwa sababu zinafuatana kama mabehewa ya treni.

Msizichanganye aina hizi mbili kwa alama moja. Jumatatu ya Pasaka haimo katika orodha ya serikali yetu. Mkiichapa nyekundu kama tarehe 30 mwezi wa sita, mfanyakazi anaweza kubaki nyumbani na kukatwa mshahara. Wekeni fremu nene kwa siku ya konje, na msalaba mdogo kwa siku ya kanisa. Nasema fremu, si rangi tu, kwa maana kurasa nyingi zitatolewa fotokopi, na hapo nyekundu hugeuka kijivu kama tarehe nyingine. Wala msijaze mraba mzima rangi nzito. Biki haionekani juu yake.

Kartasi inayokubali biki

Mwisho, msikubali kartasi kabla ya kuijaribu. Kartasi inayong'aa hupendeza picha, lakini wino wa biki huteleza juu yake, na penseli haishiki kabisa. Ombeni kartasi isiyong'aa kwa kurasa za miezi, ya gramu 100 au 120 kama inapatikana. Inayong'aa ibaki kwa jalada.

Jaribio ni hili. Mwambie mchapaji akutolee ukurasa mmoja tu, wa mwezi wa nane, kwa ukubwa wake kamili na kwenye kartasi ile ile. Utundike kwa msumari kwenye ukuta. Mwite mama mmoja wa parwasi, si kijana wa ordinateri, umpe biki, umwambie aandike kikao katika mraba wa tarehe 23 na kingine katika mraba wa tarehe 30. Hesabu hadi kumi, halafu pitisha kidole gumba juu ya maandishi. Wino ukichafuka, badilisha kartasi. Maneno yakivuka mraba, punguza tarehe au picha. Kisha rudi nyuma hatua nne na usome. Usipoona tarehe kutoka hapo, ongeza unene wa herufi zake, si ukubwa.

Sisi tulipofanya jaribio hilo mara ya kwanza, yule mama wa mkopo ndiye tuliyemwita. Aliandika, akatazama miraba miwili, mmoja wa 23 na mwingine wa 30, kila mmoja na mahali pake. Akasema, "Sasa hata nikikosea, nitajua ni mimi."